Kutunga majina ya wahusika kwa sauti: mpole, mwepesi na wa kutisha

Msomaji anayekutana na jina ambalo hajawahi kulisikia hana maana ya kushikilia. Ana sauti tu. Kabla hujamweleza mhusika ni nani, sauti hiyo imeshamwambia kitu, na kazi ya mwongozo huu ni kukuonyesha jinsi ya kuamua itamwambia nini. Tutatunga majina matatu kutoka mwanzo: la mganga wa kike mpole, la tarishi anayekwenda mbio, na la mtawala wa kuogopwa. Yote yatakuwa ya hadithi ya kubuni iliyoandikwa kwa Kiswahili. Hilo lina uzito wake, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kuhusu konsonanti laini na ngumu umetoka kwenye lugha ambazo maneno yake huishia kwa konsonanti na hurundika konsonanti tatu pamoja. Ukiuchukua ulivyo, jina litaharibika mdomoni mwa msomaji wako.

Jambo lenyewe limepimwa. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliwaonyesha watu michoro miwili, mmoja wa mviringo na mwingine wenye pembe kali, akawataka waigawie majina mawili yasiyo na maana. Wengi walimpa mwenye pembe jina la takete, na wa mviringo wakampa baluma, ambalo baadaye Köhler alilibadilisha kuwa maluma. Mwaka huohuo Edward Sapir alionyesha kwamba neno la kubuni lenye irabu i huelekea kuchukuliwa kuwa la kitu kidogo, na lenye a kuwa la kitu kikubwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, wasemaji wa lugha ya Kibantu ambao hawakuwa na mazoea ya maandishi, na wao pia waliligawa jina la duara na la pembe vilevile. Kwa hiyo si umbo la herufi linalotudanganya, ni sauti yenyewe.

Lakini angalia hayo majina ya Köhler kwa sikio la huku kwetu. Takete linavuta teketea na teketeza. Maluma lina uma ndani yake, na katika lugha nyingi za Kibantu luma ni kung'ata. Jina lililokusudiwa kuwa laini kabisa linauma! Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo: sauti husema lake, na maneno jirani husema lao.

Hatua ya kwanza: anza na sauti ambazo Kiswahili kimeshazipanga

Huna haja ya jedwali la kigeni. Chukua karatasi, andika sifa moja unayoitaka kwa mhusika, kisha orodhesha maneno kumi hivi ya Kiswahili yenye hali hiyo, hasa vitenzi na tanakali za sauti. Yasome kwa sauti, usikilize kinachojirudia.

Kwa upole utapata lala, lea, laini, liwaza, nyamaza, mwema, tulia tuli. Kinachojirudia ni l, m, n, ny, w na y, sauti ambazo hewa hupita bila kuzuiwa wala kukwaruzwa, na unaweza kuzivuta kadiri unavyotaka. Kwa wepesi utapata chopoka, fyatuka, churupuka, kurupuka, upesi, chapuchapu. Hapa zimejaa p, t, k, ch, f na s. Zote ni sighuna, yaani koo halitetemi unapozitamka, na p, t, k na ch hukatika papo hapo. Kwa kitisho utapata nguruma, gharika, ghadhabu, dubwana, zimwi, jitu, gogo. Zinatawala g, gh, d, z, j na r, sauti ghuna zenye mtetemo kooni, pamoja na irabu o, u na a.

Ukitaka kuhakikisha ghuna na sighuna, weka vidole kooni utamke ssss kisha zzzz. Ya pili utaisikia vidoleni.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya sarufi, na huu ndio wa kuutazama kwa makini. Tazama tunavyokuza na kudunisha. Ndege akikuzwa ni dege, mbuzi ni buzi, nguo ni guo, ng'ombe ni gombe, nyoka ni joka. Tunaondoa sauti ya puani iliyokuwa ikilainisha mwanzo wa neno, na kinachobaki mbele ni kipasuo kikavu au j. Tukidunisha, tunafanya kinyume: tunaweka ki- yenye irabu i na k isiyotetema, tunapata kidege, kijoka, kijitu. Kwa maneno mengine, Mswahili ameshazoezwa tangu utotoni kwamba d, b, g na j zikisimama peke yake mbele ya neno huleta ukubwa na ukali, na kwamba ki huleta udogo. Jina lako litasikika ndani ya mazoea hayo, upende usipende.

Usidhani lugha nzima inafuata mpango huo. Ndogo ina o mbili, simba huanza kwa s na i, na pole yenyewe ina p. Maneno ya kawaida yana maana zake, hayategemei sauti. Jina la kubuni ndilo linaloitegemea.

Hatua ya pili: ijue silabi inayobeba jina

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Maana yake ni kwamba jina la silabi tatu lina sehemu moja tu inayosikika kwa nguvu, ile ya katikati. Konsonanti na irabu unayoitegemea zaidi ikae hapo. Ukiweka sauti kali mwanzoni na katikati ukaweka sauti laini, laini itashinda.

Mwisho wa jina nao una kazi, ingawa ndogo. Jina likiishia kwa i au e hubaki jepesi, likiishia kwa u au o huzama, likiishia kwa a hukaa katikati. Kwa idadi, silabi mbili hukimbia, tatu hutulia, nne na zaidi huanza kujivuta na kuleta fahari. Kurudia silabi moja kunaleta utoto, hata kwa konsonanti nzito: Zuzu ni bwege, Gugu ni magugu ya shambani, na hakuna jeshi litakalomkimbia Dudu.

Sasa kuhusu kurundika konsonanti. Tuseme umeandika Drazgor kwa sababu linatisha. Msomaji wa Kiswahili akilisoma kwa sauti atapachika irabu ili limkae mdomoni, kama tulivyofanya kwa kilabu, na litatoka Dirazigori au kitu cha namna hiyo. Hesabu i zilizoingia: tatu, zile zile zinazoleta udogo. Jitu limegeuka katuni. Kama unataka uzito, uutafute ndani ya silabi wazi.

Hatua ya tatu: kutunga lile la upole

Mganga wetu anaponya kwa mitishamba, ana sauti ya chini na haharakishwi na mtu. Tunachukua m, n, l, y, silabi tatu. Jaribio la haraka: Melaya. Kwa sauti ni zuri mno, hakuna kinachokwaruza. Lakini kila msomaji ataliona malaya, na hapo mazungumzo yamekwisha. Hili si ajali. Kundi la sauti laini ni dogo, na maneno mengi ya kila siku yametengenezwa kutokana nalo, kwa hiyo majina ya upole ndiyo yanayogongana na maneno mengine kuliko yote.

Jaribio la pili: Nyamelu. Ny inanong'ona vizuri, lakini mwanzo wake unavuta nyama, na mganga anaanza kunukia buchani. Tunaondoa ny, tunabakiza n peke yake, tunahamisha u mwanzoni: Numela. Mkazo unaanguka kwenye ME, ambako m hufunga midomo polepole na e hufungua. Jirani aliyejitokeza safari hii ni mea, kuchipua, na kwa mtu wa mitishamba huyo ni jirani wa kheri. Tunalichukua.

Hapa ndipo pa kusema kanuni ya majirani: usitafute jina lisilofanana na neno lolote, kwa sababu katika Kiswahili ni vigumu kulipata. Tafuta jina ambalo neno lake jirani linakusaidia.

Hatua ya nne: lile la wepesi

Tarishi anakwenda usiku, hana mzigo, haongei sana. Tunachukua t, p, s, k na irabu i na e. Jaribio la kwanza ni Tepesi, kwa sababu linaitikia wepesi na upesi. Tatizo ni mwanzo wake: tepe huvuta tepetea na tepetevu, hali ya mtu aliyelegea asiyetaka kazi. Sikio husikia mwanzo wa neno kwanza, kwa hiyo uvivu utafika kabla ya upesi.

Ukijaribu Kisepi, umeingia kwenye ki-. Wepesi utausikia, lakini pamoja nao utasikia udogo wa kudharauliwa. Linafaa kwa mtoto mtukutu, kwa tarishi mtu mzima halifai. Kasepi nalo lina mtego wake: vijana wakisema kasepa wana maana ya ameondoka, na sentensi yenye "Kasepi kasepa" itachekesha mahali usipotaka kicheko.

Tisepi linapita. Mkazo uko kwenye SE, s inateleza, p inakata, i inamalizia bila uzito. Lile sepa la mtaani bado limo kwa mbali, na kwa tarishi si vibaya. Faida nyingine ni kwamba linakatika: katika ukurasa wa kufukuzwa, wenzake wanaweza kumwita Sepi. Silabi mbili badala ya tatu, na kasi ya jina inapanda pale unapoihitaji. Jina la wepesi lisilokubali kukatwa lipitie upya.

Hatua ya tano: lile la kitisho

Kitisho kiko cha aina mbili, na kosa kubwa la waandishi wengi ni kuzichanganya. Kiko cha kunguruma, cha anayekuja akionekana, na kiko cha kunyemelea. Cha kwanza kinataka g, d, z, r na irabu o, u, a. Cha pili kinataka s, sh na ny, ile ny ya nyata na nyemelea, ambayo kwenye jaribio la Nyamelu ilikuwa upole mtupu. Sauti moja inabadilika kwa kadiri ya inaokaa nao: ny ikizungukwa na l na m hubembeleza, ikizungukwa na sh na s hutambaa. Kwa mshauri mwovu anayenong'ona nyuma ya kiti cha enzi, Shanyasu linatosha. Lina nyanyasa ndani yake bila kulitamka lote.

Mtawala wetu ni wa kunguruma. Jaribio la kwanza: Zugoro. Sauti ziko sawa, ila msomaji wa Tanzania atasikia Morogoro na Ngorongoro, na mtawala atakuwa kama wilaya. La pili: Gadhuru. Hili linavutia, kwa kuwa dhuru imo wazi na mkazo umeiangukia. Litamke sasa kama watu wengi wa bara wanavyolitamka, wale ambao dh kwao ni z: Gazuru. Dhuru imegeuka zuru, kutembelea. Mtawala katili amekuwa mgeni.

Hapo ndipo jina la kitisho linapohitaji mtihani ambao mengine hayauhitaji sana. Sauti zetu nzito kadhaa hazitamkwi na kila mtu. Kabla ya kulikubali jina, liandike mara ya pili ukibadili gh kuwa g, dh kuwa z na th kuwa s. Liandike tena ukibadili r kuwa l, kwa sababu wasemaji wengi huzibadilisha. Matoleo yote yabaki na kitisho na yasiangukie neno la ajabu. Kuhusu r, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu maneno ya lugha nyingi ulionyesha kwamba r ya mtetemo, ile ya kimadende kama tunayoitamka sisi, huhusishwa sana na kitu kinachokwaruza. Ni silaha nzuri, lakini ikigeuka l inakuwa mto wa kulalia. Usiitegemee peke yake.

Gadoru linapita mtihani. Toleo la l ni Gadolu: limepungua makali, ila g na d bado ziko na mkazo uko DO. Halina gh wala dh ya kupotea. Ga inatangulia bila sauti ya puani, kama gombe na guo, kwa hiyo ukubwa unasikika kabla ya lolote. Ukitaka liwe na fahari zaidi, lipe silabi ya nne, Gadoruma, ukijua kwamba mkazo utahamia RU na D itafifia. Ndiyo maana tumebaki na tatu.

Na ile ki- tuliyoikimbia kwa tarishi inapata kazi hapa. Watu wa mji wanaomchukia, wakiwa chumbani milango imefungwa, wanaweza kumwita Kigadoru. Hakuna haja ya kueleza dharau hiyo kwenye masimulizi.

Hatua ya sita: yaweke majina pamoja

Numela, Tisepi, Gadoru, Shanyasu. Yasome mfululizo. Yanaanza kwa herufi tofauti, silabi zenye mkazo ni ME, SE, DO, NYA, hakuna mbili zinazofanana sana. Ukigundua majina mawili yana mkazo wenye irabu na konsonanti za kundi moja, badilisha moja hata kama unalipenda, la sivyo msomaji atawachanganya ukurasa wa hamsini.

Angalia pia usiwe umewapa waovu wote g na d na wema wote l na m. Msomaji atashika mchezo mapema, na kila jina jipya litamfichulia mwisho wa hadithi. Mhusika atakayesaliti wenzake apewe jina la kundi la wale anaowasaliti.

Hatua ya saba: yapime kwa masikio ya wengine

Tafuta watu kumi, ikiwezekana wa pwani na wa bara, ambao hawajasoma hadithi. Usiwaonyeshe maandishi. Watajie majina matatu kwa sauti bapa, bila kunguruma wala kunong'ona, maana ukiigiza utakuwa unapima sauti yako mwenyewe. Badilisha mpangilio kwa kila mtu. Kisha wape maelezo matatu mafupi, mganga, tarishi, mtawala, wayagawe.

Kuna njia sita za kugawa majina matatu, kwa hiyo kwa kubahatisha tu mtu mmoja au wawili kati ya kumi watapatia yote. Wakipatia watano au zaidi, majina yanafanya kazi. Wakiwa watatu au wanne, tazama ni majina gani mawili wanayoyabadilisha, kwa kawaida tatizo liko kwenye mojawapo tu.

Baada ya kugawa, na si kabla, muulize kila mmoja swali moja: jina hili limekukumbusha neno gani? Jibu likija haraka kwa watu wawili, na neno lenyewe ni baya, jina limeanguka hata kama mgawanyo ulikuwa sahihi.

Jina likianguka kwa sauti, usilitupe lote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukianzia konsonanti ya silabi yenye mkazo, kisha irabu yake, kisha mwanzo wa jina, na mwisho idadi ya silabi. Kwa mfano, kama Tisepi lingeonekana pole mno, Titepi lingeondoa ule mtelezo wa s na kuongeza mkato, ila mwanzo wake ungevuta titi, kwa hiyo ungehamia Sitepi. Hilo nalo lina si- ya kukanusha mbele, na msomaji anaweza kulisoma kama kitenzi. Chatepi ndilo lingebaki, likiwa na a moja inayolipa uzito kidogo, na ungelipeleka kwa watu wengine kumi, si wale wale.